Ng'ombe Amekula? Jioni na Usiku wa Mzee Mwenye Demensia

Hotuba iliyotolewa na muuguzi mstaafu kwa familia zinazotunza wazee nyumbani, katika ukumbi wa usharika mmoja mjini Moshi, kisha ikaandikwa kwa ajili ya wasomaji.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, ninajua kwamba wengi wenu mmemwacha mzee nyumbani na mtu mwingine ili mpate kufika hapa, na kwamba wapo waliokuja bila kulala usiku wa jana. Kwa hiyo nitasema juu ya jambo moja tu, yaani saa zinazoanzia alasiri hadi alfajiri, kwa kuwa ndizo saa ambazo mgonjwa wa demensia hutoka nyumbani akapotea, hukataa kulala, na huuliza swali lile lile hadi anayemtunza anatamani kuziba masikio.

Ugonjwa huu tunao hapa hapa kwetu. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Wilaya ya Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, takriban 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Bado tunasikia ikisemwa kwamba mzee amerudia utoto, au kwamba amerogwa, au kwamba anafanya makusudi. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka 31 ya uuguzi, niliwahi kumwambia mama yangu mzazi kwamba ananitesa makusudi. Nilikosea, na makosa yangu ndiyo yatakayobeba sehemu kubwa ya maneno yangu leo.

Mama yangu aliishi Uru, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na maisha yake yote ya utu uzima alifuga ng'ombe wa ndani. Kila alasiri alichukua mundu, akashuka kukata majani, akarudi na mzigo kichwani kabla ya giza kuingia. Alipofikisha miaka 78 alikuwa amekwisha kuugua kwa muda, na tukamuuza ng'ombe kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumhudumia. Tulidhani tumempunguzia mama kazi. Miezi michache baadaye ndipo yalipoanza mambo matatu kwa pamoja: aliuliza bila kuchoka kama ng'ombe amekula, alitoka nyumbani jioni, na usiku alikuwa anaamka kila baada ya saa mbili.

Kwanza niseme kwa nini swali hurudi. Katika ugonjwa wa Alzaima, ambao ndio chanzo cha demensia kwa wagonjwa wengi, sehemu ya ubongo inayopokea jambo jipya na kulihifadhi ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema. Mambo ya zamani hubaki, lakini jibu ulilolitoa sasa hivi halikupata mahali pa kukaa. Mgonjwa hajalisahau jibu lako kama wewe unavyosahau ulikoweka funguo. Kwake yeye jibu halikuingia kabisa, na anapouliza mara ya kumi anauliza kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana maneno "si nimeshakuambia?" hayamsaidii chochote. Kinachobaki ni ukali wa sauti yako, kwa sababu hisia hudumu muda mrefu kuliko tukio lililoileta. Baada ya nusu saa hakumbuki ulichosema, ila moyo wake bado umechafuka, na moyo uliochafuka huzidi kuuliza.

Mimi nilikuwa ninamjibu mama yangu kwa ukweli mtupu: "Mama, ng'ombe tulimuuza." Kila mara alishtuka upya. Aliniuliza ni nani aliyemuuza, kwa ruhusa ya nani, na watoto watakunywa nini. Halafu akanyamaza, na baada ya dakika tano akauliza tena kama ng'ombe amekula. Nilikuwa ninampa habari ya msiba mara arobaini kwa siku na kujiita mkweli.

Jioni moja ya mwezi wa Julai, wakati wa mawingu na baridi, alitoka. Msichana aliyekuwa anatusaidia kazi alikuwa jikoni, na alipotoka akakuta kiti cha barazani kiko wazi. Tulimtafuta kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Tulikwenda barabarani, sokoni, kwa ndugu, hadi stendi ya daladala. Alipatikana ndani ya kihamba cha jirani, hatua zisizozidi mia nne kutoka mlangoni kwetu, ameketi kando ya mfereji mkavu huku kanga yake imenasa kwenye kichaka. Tulikuwa tumepita karibu naye mara mbili tukimwita kwa sauti kubwa, na hakuitika.

Tukio hilo lilinifundisha mambo ambayo leo ninaiambia kila familia. Mgonjwa wa demensia aliyepotea mara nyingi hayuko mbali. Huenda upande ambao miguu yake imezoea, na akikutana na kizuizi kama uzio, mfereji au kichaka, hukwama hapo badala ya kugeuka, na kwa kawaida haitikii akiitwa, ama kwa sababu hajui kwamba amepotea, ama kwa sababu sauti zinamtisha. Basi anza na nyumba yenyewe: vyumba vyote, chooni, stoo, nyuma ya banda. Kisha kihamba chako na vya majirani, ukitazama kwa macho na kwa tochi, usitegemee sauti, na uinamishe tochi kwenye mifereji na chini ya migomba. Ikiwa robo saa imepita hujamwona, usiendelee kutafuta peke yako kwa kuona aibu. Mpigie balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na vijana wa bodaboda wa kituo cha karibu, kwa kuwa wao ndio macho ya barabara. Polisi nao wanapatikana kwa namba 112. Usiku wa Julai huku juu ni baridi kali, na mzee aliyevaa kanga mbili tu hawezi kungoja mpaka asubuhi. Picha yake ya karibuni iwe tayari kwenye simu yako, na namba yako ya simu ishonwe kwenye upindo wa ndani wa nguo anazovaa kila siku. Pochi au kitambulisho huachwa kitandani, lakini nguo anakwenda nayo.

Baada ya usiku ule kaka yangu alinunua kufuli. Ninamwelewa. Lakini nimeona nyumba ambako mzee amefungiwa peke yake mchana kutwa, na ninasema waziwazi kwamba sikubaliani nalo. Moto ukitokea hatoki, akianguka hakuna anayejua, na mtu anayesukuma mlango usiofunguka hupandwa na hofu ambayo itawasumbua usiku mzima. Tulichofanya ni kufunga kengele ndogo ya mbuzi kwenye geti na nyingine kwenye mlango wa nyuma, kusogeza komeo juu ya usawa wa macho, mahali ambapo yeye hakuzoea kutazama, na kuliacha komeo hilo lifungwe pale tu ambapo kuna mtu mzima ndani ya nyumba. Mundu na panga vilihamishiwa kwa jirani.

Hayo yote, hata hivyo, yanazuia mlango tu. Hayajibu kwa nini anaondoka. Jibu la swali hilo lilitoka kwenye daftari la shule la mjukuu wake.

Nilipiga mistari nikapata safu nne. Ya kwanza ni saa. Ya pili ni kilichotokea kabla. Ya tatu ni alichofanya au alichosema mama, kwa maneno yake mwenyewe. Ya nne ni tulichofanya sisi na jinsi jambo lilivyoisha. Tuliandika kwa siku saba bila kubadilisha chochote, na kila aliyekuwa zamu aliandika. Siku ya tatu mama aliuliza juu ya ng'ombe mara 41. Idadi hiyo haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba mara 34 kati ya hizo zilikuwa baina ya saa 10 jioni na saa 1 usiku. Mara zote tatu alizofika getini wiki ile ilikuwa kati ya saa 10 na saa 11 na nusu, na kabla ya hapo alikuwa ameketi barazani bila kazi yoyote. Usiku nao ulikuwa na mpangilio wake: aliamka saa 4, saa 6 na saa 8, na katika safu ya pili kulikuwa na maneno yanayojirudia, "amepewa dawa saa 2 baada ya chakula."

Kutokana na daftari tuliona kwamba mama hakuwa anatangatanga. Alikuwa anakwenda kazini. Mwanga wa jioni unapoanza kupungua, mgonjwa huzidi kuchanganyikiwa, kwa kuwa ubongo umechoka na vivuli vinabadilisha sura ya vitu. Na katika hali hiyo mwili wake ulimwambia kile ulichokuwa ukimwambia kwa miaka hamsini, kwamba jua linashuka na mnyama hajala. Swali na matembezi vilikuwa kitu kimoja, kimoja kinatoka mdomoni na kingine kinatoka miguuni.

Tukaamua kumtangulia. Kila siku saa 9 na nusu alasiri, kabla wasiwasi haujaanza, mjukuu wake alimwambia, "Bibi, twende tukakate majani." Walishuka pamoja taratibu, binti akikata na bibi akikusanya na kufunga, kisha wakapeleka kamzigo kadogo kwa jirani mwenye ng'ombe. Mama alisimama pale bandani akitazama jinsi mnyama anavyotafuna. Wakirudi kabla ya saa 11, taa za sebuleni zilikuwa zimekwisha kuwashwa na mapazia yamefungwa, maana huku kwetu giza huingia mnamo saa 12 na nusu na hakuna haja ya kungoja vivuli vifike ukutani. Na alipouliza kama ng'ombe amekula, tulimjibu wote kwa maneno yale yale, kwa sauti ya chini na kwa kumtazama usoni: "Amekula, Mama. Umempelekea mwenyewe." Lilikuwa jibu la kweli. Wiki ya pili ya utaratibu huo maswali ya jioni yalishuka hadi kumi au kumi na mbili, na getini alikwenda mara moja tu.

Kwenye masika, njia ilipoteleza, tulimpa ungo wa maharage ya kuchambua karibu na dirisha. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimesahau kufunga vifungo vya blauzi, vilitambua jiwe na punje iliyooza bila macho kuangalia. Ukichagua kazi ya kumpa mzee wako, chagua ile ambayo mikono yake iliijua kabla ya ugonjwa. Fundi cherehani mpe vitambaa avikunje. Aliyekuwa dereva mpe kitambaa cha kufuta gari. Kumfundisha kazi mpya ni kumwonyesha tu kwamba hawezi.

Sasa usiku. Mama alikuwa na presha na miguu iliyovimba, na miongoni mwa dawa zake kilikuwemo kidonge cha kupunguza maji mwilini, ambacho kazi yake ni kumfanya mtu akojoe. Nguvu ya kidonge hicho hudumu takriban saa 6. Sisi tulikuwa tunampa saa 2 usiku kwa sababu ndipo mimi nilipokuwa ninarudi kutoka kazini. Maana yake mkojo ulimwamsha mpaka saa 8 usiku, na akiamka gizani hakujua yuko wapi, hakukumbuka choo kiko upande gani, akaanza kuzunguka nyumba na kugonga milango. Tulionana na daktari, akakubali kidonge kihamie asubuhi. Ninasisitiza neno hilo la daktari: msihamishe wala kuacha dawa ya presha au ya moyo kwa uamuzi wenu wenyewe. Chai ya rangi na kahawa tulizisimamisha baada ya chakula cha mchana, na maji mengi akanywa asubuhi na mchana badala ya jioni. Mbege pia iliondoka, hata ile ya heshima ambayo wageni humletea, kwa sababu pombe humlaza mtu haraka kisha humwamsha katikati ya usiku akiwa amechanganyikiwa zaidi.

Asubuhi, kabla ya saa 4, alikaa nje kwenye mwanga kwa muda usiopungua nusu saa, hata siku za mawingu, kwa kuwa mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya ndani ya mwili kwamba sasa ni mchana. Usingizi wa mchana ulipunguzwa ukawa wa nusu saa, kabla ya saa 9. Chumbani tuliweka taa ndogo iliyowaka usiku kucha na poti kando ya kitanda, na kioo cha kabati tukakifunika, maana alikuwa anamwona mle mwanamke mzee asiyemjua na kutaka kumtoa nje.

Lakini bado kuna usiku ataamka. Usisimame mlangoni ukamzuia, kwa kuwa mtu aliyesimama mlangoni gizani ni adui. Keti, ili uwe chini ya usawa wa macho yake. Mama yangu katika miaka ya mwisho alikuwa amerudi kwenye Kichaga chake cha utotoni, na Kiswahili alikielewa kwa shida usiku, kwa hiyo wajukuu waliokulia mjini ilibidi wajifunze maneno machache: njoo, keti, niko hapa, baridi, chooni. Kisha tafuta sababu moja baada ya nyingine: mkojo, baridi, njaa, maumivu. Mgonjwa hawezi tena kukuambia kwamba goti linamuuma. Utaona anakunja uso akigeuka, au analishika goti kila mara. Tulimpa uji wa vuguvugu nusu kikombe, tukatembea naye mara mbili kutoka chumbani hadi sebuleni tukiwa tumeshikana mikono, tukarudi. Taa kubwa na televisheni hazikuwashwa, na hakuna aliyemwambia kwamba ni usiku wa manane, kwa sababu hilo huleta ubishi ambao hakuna mshindi wake.

Niungame jambo moja. Kabla ya daftari, nilipokuwa nimechoka kupita kiasi, nilinunua vidonge vya mafua, vile tunavyoviita piritoni, nikampa mama viwili alale. Ninajua wengi humu mmefanya hivyo, kwa kuwa vinauzwa bei ndogo na muuzaji wa duka la dawa haulizi. Vidonge hivyo huzuia kemikali ya ubongo inayosaidia kumbukumbu, ile ile ambayo Alzaima imekwisha kuipunguza. Mama alilala saa tatu, kisha akaamka amechanganyikiwa kuliko nilivyowahi kumwona, mdomo umekauka, mkojo haukutoka, akaanguka kati ya kitanda na ukuta. Hakuvunjika, ila bega lilibaki na maumivu kwa wiki sita. Vivyo hivyo Valiamu humwangusha mzee, na dawa za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza hatari ya kiharusi na ya kifo kwa wenye demensia. Zipo hali ambazo daktari ataziandika, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, lakini hazinunuliwi dukani ili nyumba ilale.

Kuna hali moja ambayo daftari wala uji haviifai. Demensia huzidi kwa miezi na miaka. Ikiwa mzee aliyekutambua jana asubuhi leo hakutambui, au anasinzia mchana na kupiga kelele usiku, au anaona wadudu ukutani, na mabadiliko hayo yamekuja ndani ya siku moja au mbili, huo ni ugonjwa mwingine uliopanda juu ya ule wa kwanza. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, choo kilichofunga, au dawa mpya aliyoanza. Huenda hata homa isiwepo, kwa kuwa mwili wa mzee si lazima uchemke. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na dawa zake zote uziweke kwenye mfuko mmoja uende nazo, pamoja na za kienyeji, bila kuficha.

Sitawadanganya kwamba tulimaliza tatizo. Wakati wa usiku mbaya tuligawana: mimi hadi saa 8, mdogo wangu kuanzia saa 8 hadi asubuhi, na kaka yetu aliyeko mjini akachukua Ijumaa na Jumamosi nzima, kwa sababu mtu asiyelala hupaza sauti hata akiwa mwema. Mlezi akihisi mkono wake unataka kumsukuma mgonjwa, ahakikishe mzee ameketi salama, atoke nje hadi uani, avute pumzi, na amwite mwingine.

Ugonjwa ulipoendelea, ng'ombe alisahaulika. Swali likabadilika. Mama yangu, mwenye miaka 81, alianza kuuliza jioni, "Mama yuko wapi?" Bibi yetu alikuwa amefariki kabla mimi sijazaliwa. Nilikwisha kujifunza kutompa msiba kila jioni, na sikutaka kumwambia kwamba anakuja, kwa kuwa angemngoja getini. Nikamuuliza, "Mama yako alikuwa anawapikia nini jioni kama hii?" Akafikiri. Akaanza kunieleza mtori, jinsi ndizi zilivyomenywa, nani alikatazwa kuonja kabla ya baba, na sufuria iliyokuwa na mpini uliofungwa waya. Alieleza kwa Kichaga, kwa karibu robo saa, mikono yake ikimenya ndizi ambazo hazikuwepo. Kisha akanyamaza, akaniangalia, akauliza tena mama yuko wapi, na mimi nikamuuliza tena juu ya mtori.